Sala Isiyo na Maneno: Furaha na Nyimbo za Wahasidi

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya tatu, mna jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Wafalme watatu wamekwama jangwani bila maji, nao wanamwendea nabii Elisha wakiomba neno la Mungu. Elisha amekasirika, amemwambia mfalme wa Israeli maneno makali usoni. Kisha, kabla ya kutabiri, anaomba kitu ambacho hakuna aliyekitazamia: aletewe mpiga kinubi. Mpigaji anapopiga nyuzi, mkono wa Bwana unamshukia nabii, ndipo anasema.

Vijana wa kundi letu hapa Lokandu walituuliza: nabii mkubwa namna hii alihitaji kinubi cha nini? Je, Mungu hangeweza kusema naye bila muziki? Swali hilo walimu wa Kiyahudi waliliuliza zamani sana. Katika Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho yao, walijibu kwamba Uwepo wa Mungu, ambao wao huuita Shekina, haukai juu ya mtu aliyezama katika huzuni, wala katika uvivu, wala katika mzaha, bali katika furaha inayotoka katika kutimiza amri. Elisha alikuwa na hasira. Kinubi hakikuwa cha kumwita Mungu. Kilikuwa cha kumfungua Elisha.

Wako Wayahudi waliolichukua jibu hilo na kulifanya njia nzima ya kusali. Hao ndio Wahasidi, na habari zao tunataka kuwaeleza leo, kwa sababu tunaona zinagusa jambo ambalo kwaya zetu hulifanya kila Dominika bila kulifikiri sana.

Wahasidi walianza katika karne ya 18 huko Ukraina, ambayo sehemu zake nyingi wakati ule zilikuwa chini ya ufalme wa Polandi. Wayahudi wa nchi hiyo walikuwa wamepigwa vibaya. Tangu mwaka 1648 maasi ya Wakosaki yalikuwa yameteketeza vijiji vyao na kuua watu maelfu kwa maelfu. Baadaye, mnamo 1666, mtu aliyejidai kuwa Masiya, Sabatai Zevi, ambaye watu wengi walikuwa wamemwamini, aliacha dini yao mbele ya Sultani wa Waturuki. Waliobaki walikuwa maskini na wenye aibu. Wenye kusoma sana waliheshimiwa. Mchuuzi, mchoma mkaa na mwenye kukodi kilabu cha pombe kijijini walionekana kama watu wa daraja la chini hata mbele ya Mungu.

Katikati ya hao akatokea Israeli mwana wa Eliezeri, aliyezaliwa karibu na mwaka 1700 na kufa mwaka 1760 katika mji wa Mezhibuzh. Watu walimwita Baal Shem Tov, yaani Mwenye Jina Jema. Wahasidi husimulia kwamba katika ujana wake alikuwa msaidizi wa mwalimu: kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba asubuhi, kuwakusanya watoto na kuwapeleka shuleni, naye njiani aliimba nao. Sisi tuliofundishwa ualimu tunapenda sana habari hiyo. Wako waliobaki na yale yaliyofundishwa darasani. Watoto wale, inasemekana, walibaki na njia.

Hadithi inayojulikana kuliko zote juu yake ni ya mtoto mchungaji. Mtoto huyo alikuwa hajui hata herufi moja ya sala. Siku ya Upatanisho, iliyo takatifu kuliko siku zote za mwaka, baba yake alikwenda naye katika sinagogi ya Baal Shem Tov. Mtoto alikuwa na filimbi yake mfukoni, ile aliyoitumia porini kwa ng'ombe. Mara kwa mara alimwomba baba ruhusa ya kuipiga, na baba akamkataza kwa hofu, akaushika mfuko kwa mkono wake, kwani sheria yao hairuhusu kupiga chombo cha muziki siku hiyo. Jua lilipokaribia kuzama, katika sala ya mwisho, mtoto akaichomoa filimbi na kuipiga kwa nguvu zote. Watu wakashtuka. Baal Shem Tov akafupisha sala yake, akawaambia kwamba sauti ile imezibeba sala za wote, kwa maana mtoto hakuwa na kitu kingine cha kutoa, akatoa chote alichokuwa nacho.

Tunaomba mwangalie vizuri: hadithi haisemi kwamba sheria ni bure au kwamba kusoma hakufai. Watu wote wa sinagogi ile walikuwa wamefunga na kusali tangu jana yake kwa maneno ya kitabu. Filimbi ilizibeba sala zao. Haikuchukua nafasi yao.

Kutokana na mafundisho hayo ukakua wimbo ambao kwa Kiebrania huitwa niguni. Neno hilo maana yake ni sauti ya wimbo tu, lakini kwa Wahasidi ni wimbo ambao mara nyingi hauna maneno. Huimbwa kwa silabi zisizo na maana yoyote: ai-ai-ai, ya-ba-bam, lai-lai. Asiyezoea angedhani waimbaji wamesahau maneno. Lakini wameyaacha kwa kusudi. Mmoja wa walimu wao wakubwa, Shneur Zalman wa Liadi (1745–1812), mwanzilishi wa tawi liitwalo Habadi, anakumbukwa kwa kufundisha kwamba wimbo wenye maneno una mpaka, kwa kuwa maneno yakiisha na wimbo umeisha; bali wimbo usio na maneno unaweza kurudiwa bila mwisho.

Saa yake ya kufaa zaidi ni jioni ya Sabato, katika mlo wa tatu. Jua linashuka. Wahasidi wamekaa kuzunguka meza ndefu ya mwalimu wao, ambaye humwita rebe. Chakula ni kidogo: mkate, pengine samaki. Hakuna anayewasha taa, kwa sababu siku ya Sabato hairuhusiwi kuwasha moto. Giza linaingia ndani ya nyumba polepole na kufunika nyuso. Hakuna ngoma wala kinanda, kwa sababu vyombo vya muziki navyo vimekatazwa siku hiyo. Basi yabaki makoo ya watu. Mmoja anaanza kwa sauti ya chini, karibu kama mtu anayewaza. Wa pembeni wanamfuata. Sehemu ya kwanza inarudiwa, tena na tena, wala hakuna anayeona haraka. Mwenye sauti mbaya anaimba pamoja na mwenye sauti nzuri. Hakuna anayesikiliza tu, wala hakuna jukwaa.

Ninyi mnaoishi ukingoni mwa Lualaba mnayo mfano karibu. Wavuvi wanapopiga kafi kupanda mto, mara nyingi sauti yao haina maneno yoyote ya kuandikwa. Ukimwuliza mpiga kafi maana ya anachoimba, atakucheka. Hata hivyo mtumbwi unakwenda, na mikono ya watu kumi inakuwa mkono mmoja. Tofauti ni kwamba wimbo wa kafi unasukuma mtumbwi, na niguni inakusudiwa kuisukuma nafsi.

Kuisukuma wapi? Hapa Wahasidi wana neno: devekuti, maana yake kushikamana. Mzizi wa neno hilo ndio unaotumika katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, mume anaposhikamana na mkewe. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya kumi na moja, inapowaamuru Waisraeli washikamane na Mungu. Si wazo tu, basi, wala si hisia ya muda. Ni kuungana kwa namna ambayo mtu hatafuti tena nafasi kati yake na yule anayempenda.

Tuchukue niguni moja ili jambo hili lisibaki hewani. Shneur Zalman mwenyewe aliacha wimbo ambao Wahasidi wa Habadi huuita Niguni ya Sehemu Nne. Hawauimbi ovyo. Huuweka kwa siku kubwa na kwa arusi, wakati bwana arusi na bibi arusi wanaposindikizwa chini ya kitambaa cha ndoa; watu husimama wima, wakiwa kimya kabla ya kuanza. Una sehemu nne, na kila sehemu inahusishwa na mojawapo ya hatua nne ambazo, kwa mafumbo ya Kiyahudi, uzima wa Mungu unazipitia kushuka hadi kwetu. Hatua ya chini kabisa ni ulimwengu wa Kutenda: mwili, mikono, kazi, udongo. Juu yake ni ulimwengu wa Kuumba Sura, ambamo mna hisia za moyo, upendo na hofu. Juu yake tena ni ulimwengu wa Uumbaji, ulio wa akili inayoelewa. Na juu ya yote ni ulimwengu wa Ukaribu, ambamo kiumbe hajioni kuwa kitu kando ya Mungu.

Maneno hayo yanaweza kuwa mazito kwa wengine kati yenu. Yanakuwa mepesi tukitazama sala yao ya asubuhi, kwa maana inapandwa kwa ngazi ile ile. Kwanza Myahudi anasoma habari za sadaka za Hekalu: wanyama, damu, majivu, kazi ya mikono. Hiyo ni Kutenda. Halafu anaimba Zaburi za sifa, na moyo unaanza kuwaka. Halafu anafika kwenye ungamo kwamba Mungu ni mmoja, pamoja na baraka zake, na hapo akili inatakiwa itafakari. Mwisho anasimama, miguu pamoja, na kusali sala kuu kwa midomo inayotikisika tu, bila sauti ya kusikika kwa jirani. Juu kabisa ya ngazi, basi, ni mnong'ono. Niguni ya Sehemu Nne inampandisha mtu ngazi hiyo hiyo bila kitabu. Anayeimba sehemu ya kwanza hatakiwi kuharakia ya nne. Rebe akimwona mtu anafumba macho na kutetemeka tangu mwanzo, anajua kwamba huyo ameruka vidato.

Kwa muda mrefu nyimbo hizi zilipita kwa sikio tu, kutoka kwa mzee kwenda kwa kijana. Mnamo miaka ya 1940, baada ya watu wengi waliozijua kuuawa katika vita vya Ulaya, rebe wa Habadi wa wakati ule, Yosef Yitzhak Schneersohn, aliagiza zikusanywe na kuandikwa kwa noti. Kitabu kikatoka. Sisi, kama walimu, tunaona kazi hiyo ilifaa, lakini tunajua pia kwamba noti haiandiki jinsi mtu anavyovuta pumzi kabla ya kurudia.

Jambo moja lililotushangaza ni asili ya nyimbo zenyewe. Nyingi hazikutungwa katika sinagogi. Ni nyimbo za wachungaji, za askari, za walevi wa kilabu. Rebe mmoja wa Hungaria, Yitzhak Taub wa Kaliv (1751–1821), alisikia mchungaji akiimba juu ya jogoo anayewika. Husimuliwa kwamba aliununua wimbo huo kwa sarafu. Na tangu sarafu ilipopokelewa, rebe akaujua wimbo na mchungaji akausahau. Shneur Zalman naye, vita vya 1812 vilipoingia Urusi, alichukua wimbo wa mwendo wa askari wa Napoleoni, na mpaka leo Wahasidi wa Habadi huuimba mwishoni mwa Siku ya Upatanisho kama wimbo wa ushindi wa sala. Sababu yao ni fundisho la Isaka Luria wa Safedi, wa karne ya 16: kwamba cheche za utakatifu zimetawanyika na kufichika hata katika vitu vya kawaida, na kazi ya mtu ni kuzikusanya na kuzirudisha. Wimbo wa mchungaji una cheche ndani yake. Anayeuimba kwa ajili ya Mungu anaikomboa.

Sasa tufike kwenye swali gumu. Mwaka mmoja, baada ya mazishi ya kijana mwenzao, vijana wetu walikataa kuimba. Msichana mmoja alisema wazi kwamba kuambiwa afurahi wakati kama ule ni kuambiwa aseme uongo. Hatukuwa na haki ya kumbishia. Maniema imezika watu wengi mno katika vita tulivyoviona kwa macho yetu, na mtu anayehubiri furaha hapa anapaswa kujua anasema nini.

Shneur Zalman alilishughulikia jambo hilo katika kitabu chake, Tanya, kilichochapishwa mwaka 1796. Anatoa mfano wa watu wawili wanaoshindana mieleka: yule mzito, mvivu wa mwili, ataangushwa hata kama ana nguvu kuliko mwenzake. Ndivyo ilivyo kwa mwenye kupigana na ubaya ndani yake akiwa na huzuni. Ameshindwa kabla ya kuanza. Lakini hapo hapo anatofautisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Kuna huzuni inayoufanya moyo uwe kama jiwe, usiotaka kitu, usiolia hata. Na kuna uchungu, ambao ni moyo ulio hai unaouma. Ya kwanza anaikataa. Wa pili haukatai, kwa sababu mahali panapouma pana uhai, na kutoka hapo mtu anaweza kuinuka mpaka kwenye furaha. Msichana yule alikuwa na uchungu. Hakuwa na huzuni ya jiwe. Na kwa uchungu kuna niguni nyingi, polepole mno, ambazo mgeni akizisikia angedhani ni maombolezo. Wahasidi huziita nyimbo za furaha vilevile.

Nahmani wa Breslov (1772–1810), kitukuu cha Baal Shem Tov, alifundisha kwa mkazo kuliko wote kwamba ni amri kubwa kuwa katika furaha daima. Msidhani alikuwa mtu wa kicheko. Aliteswa na mawazo mazito maisha yake yote, alizika watoto wake, na kifua kikuu kilimwua akiwa na umri wa miaka 38. Alishauri hivi: mtu anayejiona hana lolote jema atafute ndani yake nukta moja tu njema, hata kama imechanganyika na ubaya; akiipata, atafute nyingine. Akafananisha kazi hiyo na mpiga ala, ambaye kwa vidole vyake huchagua hewa njema na kuitenga na hewa mbaya, na kutoka katika nukta hizo moja moja wimbo unatokea. Kwake yeye, niguni huundwa kwa vipande vidogo vya wema vilivyookotwa.

Haya yote yana hatari yake, na Wayahudi wenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kuipigia kelele. Mwaka 1772, huko Vilna, viongozi wakiongozwa na msomi mkuu Eliya wa Vilna waliwatenga Wahasidi. Waliwashtaki kwamba wanapitisha saa za sala zilizowekwa, wanapiga makelele, wanakunywa, na kwamba baadhi yao hupinduka kichwa chini miguu juu katika sala wakidai wamejisahau. Mashtaka mengine yalikuwa ya chuki, lakini mengine yalikuwa ya kweli, na Wahasidi wenye busara walijua. Mwana wa Shneur Zalman, Dov Ber (1773–1827), aliandika kijitabu kizima juu ya kutambua msisimko wa kweli na wa uongo. Kipimo chake si ukubwa wa sauti, wala machozi. Anauliza: anayeimba anamwangalia nani? Anayetafuta kuhisi jambo kubwa, na kujitazama akilihisi, bado yuko peke yake, hata akilia. Aliyesogea karibu na Mungu hajioni kuwa amesogea. Ndiyo maana walimu wao hutaka tafakari ije kwanza, saa nzima pengine, na wimbo ufuate. Tunaongeza kwa sauti ya chini kwamba spika kubwa zilizoingia katika kwaya zetu hazisaidii kipimo hicho.

Wayahudi katika nchi yetu si hadithi ya mbali. Lubumbashi ilikuwa na jumuiya kubwa, wengi wao wakiwa wametoka kisiwa cha Rodi, na rabi wao Moïse Levy alifika mwaka 1937. Lakini hao si Wahasidi, na nyimbo zao ni za njia nyingine, ya Wayahudi wa Hispania ya kale. Tangu mwaka 1991 wapo Habadi Kinshasa, pamoja na rabi Shlomo Bentolila. Hivyo wale waliopokea niguni za Shneur Zalman wanaishi kwenye mto uleule unaopita mbele yetu hapa Lokandu, mbali sana kule chini.

Na Kanisa letu? Mtakatifu Augustino, akieleza Zaburi, aliwaambia Wakristu wa Afrika ya Kaskazini juu ya wavunaji na wachumaji wa zabibu ambao huanza kwa wimbo wenye maneno, kisha furaha ikiwazidi huacha silabi za maneno na kubaki na sauti ya shangwe tu. Hiyo, alisema, ndiyo namna inayofaa kwa Mungu asiyesemeka. Katika nyimbo za kale za Kilatini, silabi ya mwisho ya Aleluya ilivutwa kwa noti nyingi, pengine makumi, bila neno jingine, na sehemu hiyo iliitwa jubilusi. Wazee wetu walioimba Misa ya Kilatini wanaikumbuka hiyo «a» ndefu. Jumamosi ijayo, kwenye mazoezi, tutaijaribu bila kinanda.